Kukadiria hasara ambazo bado hazijatokea: mwongozo wa kutumia ziada juu ya kizingiti

Julai 1980, moto mmoja nchini Denmaki ulisababisha hasara ya kroni milioni 263.25. Katika kumbukumbu zote za miaka 11, kuanzia 1980 hadi 1990, hakuna moto mwingine uliofika hapo. Wa pili kwa ukubwa ulikuwa wa milioni 152.41, wa tatu milioni 144.66, na wa nne ukashuka mpaka milioni 65.71. Sasa chukua nafasi ya mtu anayeuza bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima, akaulizwa: hasara inayotokea mara moja katika miaka 200 ni kubwa kiasi gani? Kumbukumbu zake ni za miaka 11 tu. Jibu halimo ndani ya data, ila data inaweza kumsaidia kulifikia akijua aishike wapi.

Mwongozo huu unafuata data hiyohiyo ya moto wa Denmaki mwanzo hadi mwisho. Ilikusanywa na kampuni ya bima mtawanyo ya mjini Kopenhagen, nayo ina hasara 2167 za mwaka 1980 hadi 1990, kila moja ikiwa si chini ya kroni milioni moja. Zote zimerekebishwa kwa mfumuko wa bei ziwe katika thamani ya mwaka 1985. Imo katika kifurushi cha R kiitwacho `fitdistrplus`, kwa hiyo unaweza kurudia kila hesabu iliyo hapa.

Hatua ya kwanza: itazame data kabla ya kuigusa

```r
library(fitdistrplus)
data(danishuni)
x <- danishuni$Loss
summary(x)
sort(x, decreasing = TRUE)[1:10]
```

Angalia kitu kimoja katika muhtasari huo. Hasara ya katikati ni milioni 1.78, na robo tatu ya hasara zote ziko chini ya milioni 2.97. Lakini wastani ni milioni 3.39. Wastani umepita robo tatu ya data! Hiyo ni dalili kwamba hasara chache kubwa ndizo zinazobeba jumla, na kwamba mkia wa mgawanyo huu, yaani upande wa hasara kubwa, ni mzito.

Kuna maswali mawili ya kujibu hapa kabla ya kuendelea. La kwanza ni la bei: je, hasara za miaka ya zamani zimeletwa kwenye thamani ya mwaka mmoja? Ukichukua madai ya bima ya Kenya au Tanzania ya miaka 15 iliyopita na kuyachanganya kama yalivyo kwa shilingi, dai kubwa la mwaka wa kwanza litaonekana dogo kuliko lilivyokuwa, na mkia utakaoupata utakuwa wa uongo. La pili ni la utegemezi: je, kila mstari ni tukio linalojitegemea? Moto mmoja uliounguza maduka sita ukiandikwa kama madai sita utakupa hasara sita pale ambapo pana moja. Yaunganishe madai ya tukio moja kuwa hasara moja, kisha endelea.

Hatua ya pili: elewa kwa nini mgawanyo wa data yote haufai

Wengi huanza kwa kutafuta mgawanyo mmoja unaoieleza data nzima. Mgawanyo wa lognomali hupendwa sana katika bima, kwa hiyo tuujaribu. Logi za hasara hizi zina wastani wa 0.787 na mkengeuko sanifu wa 0.717. Kwa namba hizo, kiwango ambacho hasara moja tu kati ya 1000 hukivuka kinatoka milioni 20 hivi. Modeli hiyo inatarajia hasara mbili tu juu ya milioni 20 katika 2167. Data ina 36.

Kosa lina chanzo chake. Hasara 2000 ndogo zina kura nyingi kuliko 100 kubwa, kwa hiyo modeli inajipinda kuzifuata zile ndogo, na mkia unaambulia chochote kilichobaki. Anayetaka kujua mkia inabidi auache mwili wa data na kuusikiliza mkia wenyewe.

Hatua ya tatu: sheria inayotuongoza juu ya kizingiti

Chagua kizingiti `u`. Chukua hasara zilizokivuka tu, na kwa kila moja toa `u`. Kinachobaki ni ziada: ikiwa `u` ni milioni 10 na hasara ni milioni 65.71, ziada ni milioni 55.71.

Balkema na de Haan mwaka 1974, na Pickands mwaka 1975, walionyesha jambo la ajabu kuhusu ziada hizi. Kwa takriban migawanyo yote tunayokutana nayo kazini, kizingiti kikipandishwa vya kutosha, ziada hukaribia kufuata familia moja ya migawanyo, bila kujali data nzima ilitoka wapi. Familia hiyo ni mgawanyo wa jumla wa Pareto, na uwezekano wa ziada kupita `y` ni huu:

```
P(Y > y) = (1 + xi*y/b)^(-1/xi)
```

Ina vigezo viwili. `b` ni skeli, inayoeleza ukubwa wa kawaida wa ziada. `xi` ni umbo, na ndiyo roho ya kazi yote. Ikiwa `xi` ni hasi, mkia una mwisho: kuna kiwango ambacho hasara haiwezi kukipita. Ikiwa ni sifuri, mkia unashuka haraka kama mgawanyo wa eksponenti. Ikiwa ni chanya, mkia ni mzito, na kadiri `xi` inavyokua ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Ikifika 0.5, varianzi haina kikomo. Ikifika 1, hata wastani wa hasara hauna kikomo, na hapo hakuna ada ya bima inayotosha kwa mkataba usio na ukomo.

Sheria hii ndiyo inayotupa ruhusa ya kwenda nje ya data. Tunaujua mkia kati ya milioni 10 na milioni 263, na umbo lake linatuambia unavyoendelea mbele. Ruhusa hiyo ina masharti, na tutaona yanakatika wapi.

Hatua ya nne: kuchagua kizingiti

Hapa ndipo penye kazi, na hakuna fomula ya kukuondolea maamuzi. Kizingiti kikiwa chini mno, sheria bado haijaanza kufanya kazi na makadirio yanaegemea upande mmoja. Kikiwa juu mno, ziada zinabaki chache na makadirio yanayumba.

Chombo cha kwanza ni mchoro wa wastani wa ziada. Kwa kila kizingiti kinachowezekana, hesabu wastani wa ziada juu yake, kisha chora.

```r
us <- sort(x)[1:(length(x) - 5)]
me <- sapply(us, function(u) mean(x[x > u] - u))
plot(us, me)
```

Ziada zikifuata mgawanyo wa jumla wa Pareto, mchoro unakuwa mstari ulionyooka wenye mteremko wa `xi/(1-xi)`. Mstari ukipanda, mkia ni mzito. Ukiwa tambarare, ni wa eksponenti. Kwa data ya Denmaki mstari unapanda karibu tangu mwanzo, nao umenyooka vizuri. Pointi chache za mwisho kulia huruka huku na huko kwa sababu kila moja ni wastani wa hasara tano au sita hivi. Usiziamini hizo, na usichague kizingiti kwa kuzifuata.

Chombo cha pili ni kukadiria `xi` kwa vizingiti vingi na kuangalia kama inatulia. Kwa `u` ya milioni 3 kuna ziada 532, na `xi` ni karibu 0.67. Kwa milioni 5 ziada ni 254 na `xi` karibu 0.63. Kwa milioni 10 ziada ni 109 na `xi` 0.50. Kwa milioni 20 zinabaki 36 tu, na `xi` inarudi 0.68. Ukitazama bila kosa sanifu utadhani namba hizi zinapingana. Lakini kosa sanifu kwa milioni 10 ni 0.14, na kwa milioni 20 ni 0.28, kwa hiyo tofauti zote hizo zimo ndani ya ukungu wa makadirio.

Mimi nitatumia milioni 10. Mstari wa wastani umenyooka kuanzia hapo, na ziada 109 zinatosha kukadiria vigezo viwili. Ila nitaibakiza milioni 20 pembeni kama shahidi wa pili, na kila jibu muhimu nitalihesabu mara mbili. Anayeripoti kizingiti kimoja pekee anamficha msomaji wake jambo analostahili kulijua.

Hatua ya tano: kukadiria vigezo

Njia ya kawaida ni ya uwezekano wa juu kabisa. Ningependa uiandike mwenyewe angalau mara moja badala ya kuita kitufe cha kifurushi, maana ni mistari michache na utajua hasa kinachofanyika.

```r
u <- 10
y <- x[x > u] - u
nll <- function(p) {
  xi <- p[1]; b <- exp(p[2])
  z <- 1 + xi * y / b
  if (any(z <= 0)) return(1e10)
  length(y) * log(b) + (1 + 1/xi) * sum(log(z))
}
m <- optim(c(0.3, log(mean(y))), nll, hessian = TRUE)
xi <- m$par[1]; b <- exp(m$par[2])
sqrt(solve(m$hessian)[1, 1])
```

Utapata `xi` ya 0.497 na `b` ya 6.98 hivi, na mstari wa mwisho ni kosa sanifu la `xi`, karibu 0.14. Tumeikadiria logi ya `b` badala ya `b` yenyewe ili skeli isiwe hasi wakati kompyuta inatafuta. Ukitumia Python, `genpareto.fit(y, floc=0)` ya `scipy.stats` inatoa vigezo hivyohivyo, na `c` yake ni `xi` yetu kwa alama ileile. Usisahau `floc=0`. Ukiiacha, programu itakadiria na kizingiti pia, na majibu yatakuwa ya swali jingine.

Hatua ya sita: kuhakiki

Badili kila ziada kwa kanuni ifuatayo, kisha ilinganishe na mgawanyo wa eksponenti wenye wastani wa 1.

```r
w <- log(1 + xi * y / b) / xi
n <- length(w)
plot(qexp(ppoints(n)), sort(w)); abline(0, 1)
```

Modeli ikiwa sahihi, pointi zinalala kwenye mstari. Pointi za kulia zikijikunja juu ya mstari, hasara halisi ni kubwa kuliko modeli inavyotarajia, na hilo ndilo kosa la kuogopa. Zikijikunja chini, mara nyingi kuna ukomo uliofichika: pengine madai yameandikwa kwa kiasi kilicholipwa, na malipo yalikatwa kwenye kiwango cha juu cha mkataba. Data iliyokatwa hivyo itakupa `xi` ndogo kwa sababu ya karatasi, wala si kwa sababu ya moto. Tafuta hasara kamili kabla ya kukatwa.

Jihoji pia kuhusu ile hasara kubwa kabisa. Kwa vigezo vyetu, idadi inayotarajiwa ya hasara zinazopita milioni 263 katika miaka 11 ni 0.29, sawa na mara moja kila miaka 38 hivi. Basi moto wa mwaka 1980 ulikuwa nadra lakini si muujiza. Modeli inaweza kuishi nao.

Hatua ya saba: kutoka vigezo hadi hasara

Kiwango kinachovukwa na sehemu `p` ya hasara zote ni:

```
x_p = u + (b/xi) * ( (n*p/Nu)^(-xi) - 1 )
```

`n` ni 2167 na `Nu` ni 109. Kwa `p` ya 0.01 tunapata milioni 27.3. Hapa data yenyewe ina la kusema, maana kiwango cha asilimia 99 kinachosomwa moja kwa moja kutoka kwenye hasara zilizopangwa ni milioni 26.0. Vinakubaliana. Kwa `p` ya 0.001 modeli inasema milioni 94, lakini data iliyopangwa inasema 131.6. Ya nani tuifuate? Ile ya data imetoka kwenye pengo kati ya hasara ya tatu na ya nne, 144.66 na 65.71. Moto mmoja ungebadilika kidogo, namba ingeruka makumi ya mamilioni. Modeli inatumia ziada zote 109 kuliziba pengo hilo.

Unahitaji pia wastani wa hasara ukishakivuka kiwango hicho, maana mwenye kulipa halipi kiwango, hulipa kilichozidi:

```
ES = x_p/(1 - xi) + (b - xi*u)/(1 - xi)
```

Juu ya milioni 27.3 wastani ni milioni 58.2. Juu ya milioni 94.3 wastani ni milioni 191.5. Karibu mara mbili katika sehemu zote mbili, kwa sababu `xi` ikiwa karibu na nusu, `1/(1-xi)` ni karibu 2.

Sasa jambo linalowapotosha watu wengi. Asilimia 99.9 hapa ni ya hasara, si ya miaka. Hasara 2167 katika miaka 11 ni hasara 197 kwa mwaka, hivyo hasara moja kati ya 1000 inakuja kila baada ya miaka mitano hivi. Anayesikia "asilimia 99.9" na kudhani mara moja katika miaka 1000 amekosea mara 200. Kumbuka pia kwamba hesabu hizi zote zinahusu moto uliofika kroni milioni moja, kwa kuwa midogo zaidi haikuandikwa.

Kwa swali la miaka, tumia idadi ya ziada kwa mwaka. Ziada 109 kwa miaka 11 ni 9.91 kwa mwaka, na hasara ya mara moja katika miaka `T` ni:

```
x_T = u + (b/xi) * ( (9.91*T)^xi - 1 )
```

Kwa miaka 200 tunapata karibu kroni milioni 607, zaidi ya mara mbili ya hasara kubwa iliyowahi kuandikwa.

Hatua ya nane: kupima ukungu

Rudia hesabu hiyo kwa shahidi wa pili. Kwa kizingiti cha milioni 20, `xi` ni 0.684 na `b` ni 9.63 hivi, na ziada ni 36 kwa miaka 11. Hasara ya miaka 200 inatoka karibu bilioni 1.2. Imeongezeka maradufu, na kilichobadilika ni kizingiti tu, vizingiti vyote viwili vikiwa vinatetewa vizuri.

Jaribio lingine ni kuiondoa hasara ya milioni 263 na kukadiria upya. `xi` inashuka mpaka karibu 0.39, na kiwango cha asilimia 99.9 kinatoka 94 hadi 77 hivi. Jaribio hili ni la kupima unyeti pekee. Kuifuta hasara kubwa kwa kisingizio kwamba ni ya kipekee ni kuutupa ushahidi wenye thamani kuliko wote uliomo kwenye faili.

Kwa mipaka ya asilimia 95 usitumie kujumlisha na kutoa kosa sanifu mara mbili, kwa sababu ukungu wa mkiani hauko sawa pande zote. Tumia wasifu wa uwezekano: shikilia `x_p` kwenye thamani moja, tafuta `xi` inayofaa zaidi, na rudia kwa thamani nyingi. Kwa asilimia 99 mipaka inatoka takriban milioni 23 hadi 33 kuzunguka 27.3. Kwa wastani wa 58.2 inatoka takriban 42 hadi zaidi ya 150. Upande wa chini umebanwa na data. Upande wa juu hauna wa kuubana.

Hatua ya tisa: uliza swali ambalo data inaweza kulibeba

Tuseme kwa kila hasara kampuni ya bima mtawanyo inalipa tabaka moja tu, yaani sehemu iliyo kati ya milioni 50 na milioni 200. Gharama inayotarajiwa kwa mwaka ni idadi ya ziada kwa mwaka mara eneo lililo chini ya mkia kati ya namba hizo mbili:

```r
G <- function(x) b/(1 - xi) * (1 + xi*(x - u)/b)^(1 - 1/xi)
length(y)/11 * (G(50) - G(200))
length(y)/11 * G(200)
```

Kwa kizingiti cha milioni 10, tabaka hilo linagharimu karibu milioni 26 kwa mwaka. Kwa kizingiti cha milioni 20, karibu milioni 29. Vizingiti vilivyotofautiana maradufu juu ya hasara ya miaka 200 vinakaribiana hapa, kwa sababu tabaka lina mwisho na sehemu yake kubwa imo katika eneo ambalo moto halisi ulifika.

Mstari wa mwisho wa msimbo ni gharama ya kila kilicho juu ya milioni 200 bila ukomo. Kwa kizingiti cha kwanza ni milioni 9 kwa mwaka, kwa cha pili karibu milioni 30. Mara tatu na zaidi. Kwa hiyo tabaka la 50 hadi 200 ningelipangia bei kwa hesabu hizi, nikiongeza ukingo wa kiasi juu ya milioni 26 hadi 29. Mkataba usio na ukomo juu ya milioni 200 nisingeutia saini kwa nguvu ya miaka hii 11. Ningedai ukomo uandikwe kwenye mkataba, na katika ripoti ningeweka namba zote mbili, 9 na 30, kila moja na kizingiti chake kando yake.